Malipo Yamepita, Lakini Mzigo Usitoke Kwanza

Ndugu mwanachuo, kama unauza chochote mtandaoni na duka lako linapokea kadi za benki, makala hii ni yako. Hoja yangu ni moja. Neno Approved linalotokea kwenye dashibodi yako halimaanishi kwamba mwenye kadi amelipa. Linamaanisha kwamba namba za kadi ni sahihi, kadi haijafungwa na ndani kuna hela. Nani amezichapa zile namba, benki haikuambii, na mara nyingi yenyewe haijui. Swali hilo umeachiwa wewe, na muda wa kuliuliza ni kabla mzigo haujatoka dukani.

Nimelijua hilo kwa kupigwa. Dada yangu anashona mikoba ya kitenge na ngozi huko Mbagala, na mimi ndiye ninayemsimamia tovuti, maana yeye akishakaa kwenye cherehani hataki kusikia habari za kompyuta. Wateja wa hapa nchini wanalipa kwa simu, hilo halina shida. Kadi zinatumiwa na wateja wa nje: Wazungu waliowahi kuja kutalii, na ndugu zetu walioko ughaibuni. Kwa mwaka mzima hatukuona tatizo. Nikaanza kuamini kwamba kampuni ya malipo inatuchujia kila kitu.

Usiku mmoja wa mwezi wa tatu, Ijumaa kuamkia Jumamosi, saa nane na dakika arobaini, ikaingia oda ya mikoba 12. Kila mkoba tunauza dola 42, kwa hiyo mzigo ulikuwa dola 504, na mteja alichagua usafiri wa haraka kuliko wote, dola 180. Jumla dola 684. Anwani ya mwenye kadi ilikuwa Ohio, Marekani. Anwani ya kupelekewa mzigo ilikuwa Delaware, jimbo lingine kabisa. Asubuhi nikampigia dada simu nikiwa nacheka. Akaniuliza, "Mdogo wangu, hela imeingia?" Nikamwambia imeingia. "Basi mimi nafunga mzigo."

Jumatatu mzigo ukaondoka. Siku 52 baadaye ikaja imeili: mwenye kadi anasema hakuwahi kununua kitu kwetu, benki yake imemrudishia fedha zake, na sisi tumekatwa dola 684 pamoja na dola 20 za ada ya kushughulikia dai. Wafanyabiashara wanaita hiyo chajibeki. Mwenye kadi kwa kawaida ana hadi siku 120 za kulalamika, kwa hiyo ukimya wa mwezi mmoja baada ya kuuza haukuhakikishii kitu.

Tupige hesabu, maana hapa ndipo watu wanapojidanganya kwamba "umepoteza faida tu." Kitambaa, ngozi na mshono wa kila mkoba vinamgharimu dada dola 18, kwa hiyo mikoba 12 ni dola 216. Usafiri tulilipa dola 180 kweli, mkononi mwa msafirishaji, na hazirudi. Ongeza ile ada ya dola 20. Jumla ni dola 416 zilizotoka mfukoni, bila kuhesabu faida tuliyoitarajia. Faida ya mkoba mmoja ni dola 24. Ili dada arudi sifuri ilibidi auze mikoba 18 kwa watu wa kweli, bila kula hata senti. Hizo ni wiki kadhaa za kushona bure.

Tulikata rufaa. Niliambatanisha risiti ya msafirishaji na sahihi ya aliyepokea mzigo Delaware, nikajua tumeshinda. Tukashindwa. Nilichokuja kuelewa ni kwamba nilikuwa najibu swali ambalo sikuulizwa. Benki haikuuliza kama mzigo ulifika, iliuliza kama mwenye kadi aliridhia kulipa. Ushahidi kwamba mikoba ilifika kwenye anwani ambayo si yake hauonyeshi kwamba aliridhia. Tena kwa namna fulani unaonyesha kinyume chake. Dukani kwenye mashine, kadi ipo, chipu ipo na namba ya siri imebonyezwa. Mtandaoni mwenye duka hana hata kimoja cha hivyo, na ndiyo maana kwa kawaida hasara ya kadi ya wizi mtandaoni inaishia kwake.

Nilirudi kwenye dashibodi nikaifungua ile oda upya. Nitasema ukweli: kila kitu kilikuwa pale siku ile ile. Nilikuwa nimetazama rangi ya kijani tu.

Cha kwanza kilikuwa kwenye sehemu ambayo sikuwahi kuifungua, ile inayoorodhesha majaribio ya malipo yaliyoshindikana. Kabla ya malipo yetu kupita, kulikuwa na majaribio manne ndani ya dakika 11, kwa kadi tatu tofauti. Tarakimu nne za mwisho hazikufanana, ila imeili ilikuwa ile ile. Kadi ya nne ndiyo iliyokubali. Sasa tofautisha. Mteja halali naye hukosea. Lakini akikosea, anarudia kadi ile ile: amekosea tarakimu moja, au mwezi wa kuisha kadi, au benki yake imezuia muamala wa nje, basi labda anajaribu kadi yake ya pili. Mtu anayejaribu kadi nne kwa dakika 11 hatafuti pochi yake. Ana orodha ya namba zilizoibwa na anatafuta ipi bado iko hai. Hii ni dalili nzito sana, na siku hizi inatosha peke yake kunifanya nisimamishe oda.

Cha pili kilikuwa herufi mbili nilizokuwa nazipita kila siku: AVS: N na CVV: M. CVV ni zile tarakimu tatu nyuma ya kadi, na M inamaanisha zimelingana na zilizoko benki. Nilipoiona nilidhani ndiyo uthibitisho. Siyo. Namba nyingi zinaibwa kwa kurasa bandia ambapo mwenyewe amejaza kila kitu, zile tatu zikiwemo. Mwizi akiwa nazo, CVV italingana.

AVS ndiyo iliyokuwa inapiga kelele. Huu ni ukaguzi wa anwani: benki iliyotoa kadi inalinganisha tarakimu za anwani, yaani namba ya nyumba na msimbo wa posta, na zile ilizonazo kwenye kumbukumbu za mteja. Ikitoka Y, vyote vimelingana. Ikitoka Z, msimbo wa posta umelingana ila namba ya nyumba haikulingana, jambo la kawaida kwa mtu aliyehama au aliyekosea kuandika. Ikitoka N, hakuna kilicholingana. Mtu anayedai anaishi Ohio na kadi yake ni ya Ohio, halafu hajui namba ya nyumba yake wala msimbo wake wa posta, huyo ni wa kuulizwa.

Lakini hapa kuna mpaka lazima uujue. Ukaguzi huu unafanya kazi kwa kadi za Marekani, Kanada na Uingereza, na sehemu nyingi nyingine haupo. Kadi ya benki ya Dar es Salaam au Nairobi itakuletea U au herufi nyingine yenye maana kwamba haikukaguliwa. Sisi tuliozoea S.L.P. tungekaguliwa namba gani ya nyumba? Kwa hiyo U isikutishe. Inakwambia hujui, haikwambii kwamba umetapeliwa.

Cha tatu kilikuwa anwani ya kupokelea. Niliinakili nikaiweka kwenye ramani ya mtandaoni. Pakatokea ghala. Kwenye anwani kulikuwa na neno Suite likifuatiwa na tarakimu ndefu, na hiyo kwa kawaida ni namba ya mteja wa kampuni inayopokea mizigo na kuisafirisha nje ya Marekani. Maghala hayo yako mengi Delaware, kwa kuwa jimbo hilo halitozi kodi ya mauzo. Ni biashara halali kabisa. Hata wafanyabiashara wetu wa hapa wanaitumia kuagizia simu na vipuri. Kwa hiyo ghala lenyewe si kosa. Jiulize tu kama hadithi inakaa sawa. Mtu wa Ohio ananunua mikoba Dar es Salaam, anaipeleka kwenye ghala la Delaware ili itoke tena kwenda nchi nyingine. Ya nini? Angeniambia anwani ya mwisho, tungepeleka moja kwa moja kwa hela kidogo zaidi.

Cha nne hakipo kwenye mfumo wowote, kiko kwenye kuijua biashara yako. Mikoba ya dada hakuna miwili inayofanana, maana kila kitenge na ua lake. Wateja wote, nasema wote, huuliza rangi. Wanatumiwa picha, wanabadilisha mawazo mara tatu, wanaomba punguzo. Huyu alichukua 12, hakuuliza rangi, hakuuliza bei ya usafiri, ila Jumamosi mchana alituma ujumbe Wasapu: "Umetuma? Tuma leo." Anayelipa kwa hela yake anajali anachopata na anacholipa. Huyu alijali muda tu, kwa sababu muda ndio pekee aliokuwa anautumia. Kila siku inayopita, mwenye kadi anaweza kuona ujumbe wa benki na kuifunga.

Wapo watakaosema nimesahau cha tano, ile saa nane usiku. Sijasahau. Nimeiacha makusudi. Saa nane na dakika arobaini usiku kwetu mwezi ule ilikuwa kama saa moja na dakika arobaini jioni Ohio. Mtu ametoka kazini, amekula, anashika simu. Orodha nyingi za tahadhari zinataja oda za usiku bila kuuliza usiku wa wapi.

Nasoma ualimu, na tukiwa kwenye mazoezi ya kufundisha tulielekezwa namna ya kusimamia mtihani. Mwanafunzi akigeuza shingo mara moja, hujamkamata. Akikosea jibu, hujamkamata. Lakini wawili wakikosea maswali yale yale kwa makosa yale yale, na wamekaa jirani, hapo unasimama karibu yao. Oda za kadi ziko hivyo hivyo. Dalili moja nyepesi haina maana. Nguvu iko pale zinapokaa pamoja na kukataa kuelezeka kwa hadithi moja ya kawaida.

Nasisitiza hili kwa sababu baada ya kupigwa, dada aligeukia upande wa pili. Wiki chache baadaye ikaingia oda ya mikoba mitatu: kadi ya Uingereza, mzigo upelekwe Mwanza, jina la mpokeaji si la mwenye kadi, usiku tena. Dada akasema, "Futa. Hawa ndio wale wale." Tukafungua. Majaribio yaliyoshindikana: hakuna. AVS: Y. Nikampigia simu kwa namba aliyoandika. Akapokea mama mmoja, Kiswahili safi, muuguzi huko Uingereza. Nilipomuuliza mzigo ni wa nani alicheka: "Ni wa mama yangu na wadogo zangu, mwanangu. Na ule mwekundu usiufunge bila kuandika jina lake, watagombana." Simu ya dakika nne. Tungeifuta ile oda, tungempoteza mteja ambaye mpaka leo ameshatuletea wengine watatu.

Ndiyo maana sikubaliani na ushauri wa kufungia nchi nzima nzima. Nimesikia wenzetu wakisema wameondoa nchi fulani za Afrika kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kulipa kwa kadi, eti huko kuna matapeli. Hebu tukumbuke tunavyotendewa sisi. Ni wangapi hapa chuoni wamejaribu kununua kitabu au kikokotoo duka la nje, kadi ina hela, na oda ikafutwa bila maelezo, kwa sababu tu kadi ni ya Tanzania? Tunalalamika kwenye korido, halafu tukifungua maduka yetu tunafanya yale yale. Isitoshe, haisaidii. Kadi iliyotuliza sisi ilikuwa ya Marekani. Mwizi hutumia kadi ya nchi unayoiamini.

Basi tufanyeje? Sisi tumebaki na taratibu chache, na zote zinafanyika mzigo ukiwa bado uko kwenye meza ya dada.

Oda ikiwa na dalili nzito, au nyepesi mbili tatu kwa pamoja, haitoki siku hiyo. Tunampigia mteja. Tukimpata, tunamwomba jambo moja rahisi: turuhusu tupeleke mzigo kwenye anwani ya kadi. Mteja halali ama anakubali, ama ana sababu inayoeleweka, kama yule mama wa Mwanza. Mwizi hawezi kukubali, maana mzigo utafika kwa mtu aliyemwibia. Anakasirika, anatishia kukuandika vibaya, au anapotea.

Kama bado hatujaridhika, tunamwomba akubali tumkate kiasi kidogo kisicho kamili, tuseme dola 1.37, kisha atusomee kiasi hicho kutoka kwenye taarifa ya akaunti yake. Mwenye namba za kadi tu haoni taarifa hiyo. Njia hii nayo ina mpaka wake: kama mwizi ameingia mpaka kwenye akaunti ya benki ya mtu, ataiona. Lakini hao ni wachache kuliko wenye orodha ya namba. Kitu ambacho hatufanyi ni kuomba picha ya kadi. Picha inatengenezeka, na ukiipokea umejibebesha mzigo wa kutunza namba za watu ambazo hukupaswa kuwa nazo.

Tukishindwa kuridhika, tunarudisha hela, na kwenye kadi ile ile zilikotoka. Makato madogo ya muamala yanaweza kupotea, lakini mikoba iko salama na dai halina tena cha kudai. Mtu akikwambia "rudisha kwenye namba hii ya simu, kadi ina tatizo," simama hapo hapo. Ukimtumia, mwenye kadi halisi naye atakuja kudai zake, na utakuwa umelipa mara mbili.

Ndugu yake huyo ni yule wa wakala, na nimeshaona ujumbe wake kwa wenzangu wawili humu hosteli. Anasema: "Wakala wangu wa usafirishaji hapokei kadi. Nikate dola 400 zaidi, kisha umtumie yeye." Hapo wala hataki bidhaa yako. Anataka ubadilishe kadi ya wizi kuwa fedha taslimu. Hii nayo inatosha peke yake. Hakuna biashara halali ambayo mteja anakulipa kwa kadi ili wewe umtumie mtu mwingine hela.

La mwisho ni la kuiuliza kampuni yako ya malipo: je, 3-D Secure imewashwa? Ni ule ukurasa ambapo benki ya mteja inamtumia tarakimu kwenye simu kabla malipo hayajapita. Mteja akithibitishwa kwa njia hiyo, dai la "sikununua mimi" kwa kawaida linabebwa na benki iliyotoa kadi badala ya duka lako. Sisi tulikuwa nayo, imezimwa, na hakuna aliyetuambia. Ikiwashwa, wateja wengine watakimbia kwa sababu ya hatua moja zaidi, na haikulindi na dai la "mzigo haukufika" au "si nilichoagiza." Kwa hiyo risiti za usafirishaji endelea kuzitunza.

Na hapa nina neno kwa hizo kampuni. Mnatukata kila muamala, na mnatukata tena tukiibiwa. Kumpa mshona mikoba herufi N bila kumwambia inamaanisha nini, kisha kumwambia miezi miwili baadaye kwamba dalili zilikuwepo, si haki. Sentensi moja ya Kiswahili pembeni ya ile herufi ingeokoa dola 416 za dada yangu. Lakini mpaka siku watakapoiandika, hasara ni yetu, na kuisoma ile herufi ni kazi yetu.

Dada sasa ameniandikisha karatasi, ameibandika ukutani juu ya cherehani. Ina maswali manne: Kadi ngapi zilijaribiwa? Anwani imelingana? Mzigo unakwenda kwa nani? Ameuliza rangi? Wiki iliyopita nilimwambia kuna oda nzuri imeingia. Hakuuliza kama hela imeingia. Aliinua macho ukutani, akaniambia, "Haya, nisomee moja moja."